Nyuzi 900, 540 au 270: mipangilio mitatu ya usukani mmoja wa gemu

Usukani wetu umefungwa kwenye meza ya mninga sebuleni, Shangani, Mtwara, na unatumiwa na watu wanne. Mimi napenda mabasi na malori. Binamu yangu anashindana na magari ya mbio ya GT3. Watoto wa dada wanataka gemu za mbio za mitaani, zile za kugonga na kuendelea. Na mjomba, ambaye kwa kazi anaendesha lori la korosho toka Masasi kuja bandarini, hupita jioni akiwa na muda. Kila mmoja aliyekaa alikuta mipangilio ya aliyemtangulia, akaibadilisha kwa kubahatisha, akainuka akisema usukani mbovu.

Usukani haukuwa mbovu. Jioni moja mjomba alikaa kwenye Euro Truck Simulator 2, akatoka kituoni, akagusa usukani kidogo kukwepa ukingo, na basi likavuka njia mbili.

"Mdogo wangu, hili basi linaruka kama mbuzi," akasema. "Sijakata kona mimi, nimegusa tu."

Nikafungua programu ya usukani kwenye kompyuta. `Operating Range`, yaani nyuzi ambazo usukani unazunguka toka mwisho hadi mwisho, ilikuwa 270, walivyoacha watoto. Hesabu yake ni nyepesi. Gemu inaelewa kwamba mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia wa usukani ndio mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia wa tairi. Basi lilitakiwa kupata nyuzi 900 kwa safari hiyo, sasa linapewa yote ndani ya 270. Mjomba akizungusha nyuzi 30, basi linaona 100. Mkono wa dereva wa miaka ishirini ulikuwa sahihi, ila kilichokuwa kinaifikia gemu kilizidishwa zaidi ya mara tatu.

Tangu hapo tumeweka mipangilio mitatu, kila mmoja na jina lake, na mtu anachagua kabla ya kukaa. Naieleza hapa kwa anayesita kati yake. Usukani wetu ni Logitech G29, unaoendeshwa kwa giya ndani na kuzunguka mpaka nyuzi 900. Ukiwa na mwingine wa 900 au 1080, hoja ni zilezile, namba ndizo zitasogea.

Tunapima nini

Cha kwanza ni uwiano wa mkono na gari: ukizungusha robo, usukani ulio kwenye skrini nao unazunguka robo? Hili halihitaji kifaa. Bandika kipande cha selotepu nyeupe juu kabisa ya usukani, panapoelekea saa sita. Gari likiwa limesimama, zungusha mpaka selotepu ifike saa tatu, kisha tazama usukani wa ndani ya gari kwenye skrini. Wake nao ukiwa saa tatu, uwiano ni moja kwa moja. Ukiwa umepitiliza, nyuzi zako ni chache kuliko gemu inavyodhani. Ukiwa nyuma, ni nyingi mno.

Cha pili ni nguvu. Motor za usukani zinapaswa kukuambia tairi za mbele zinafanya nini. Gemu ikiomba nguvu kuliko motor zinavyoweza kutoa, nguvu inagonga dari: kona kali na kona kali zaidi zinakuwa na uzito uleule mkononi, na ile habari ya tairi kuanza kuserereka inapotea. Wengi wanadhani usukani mzito zaidi unaeleza zaidi. Ukishagonga dari haukuelezi kitu.

Cha tatu ni dedizoni za pedali, yaani kipande cha mwanzo cha pedali ambacho gemu haikisikii, na kile cha mwisho ambacho gemu inakihesabu kuwa tayari umekanyaga yote. Na cha nne, kwa nyumba yenye watu wengi kama yetu, ni usumbufu: kuhama gemu moja kwenda nyingine kunataka mibofyo mingapi?

Kabla ya kuchagua lolote, fungua dirisha hili kwenye Windows kwa kubofya kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika:

```
joy.cpl
```

Chagua usukani, bofya `Properties`, utaona kila pedali na usukani vikisogea kwa mistari. Hapo unaona kifaa chenyewe kabla gemu haijaongeza lolote. Dedizoni ya kubahatisha bila kutazama hapa ni sawa na kupima mchele kwa macho.

Mpangilio wa kwanza: 900, na gemu ikate yenyewe

Hapa unaacha programu ya usukani kwenye nyuzi 900 na huigusi tena. Unaiambia gemu kwamba usukani wako ni wa 900, na gemu inajua kila gari lina nyuzi ngapi. Assetto Corsa hufanya hivi vizuri. Ukiingia kwenye gari la GT3 lenye nyuzi 480, gemu inachukua 480 za katikati tu. Kama gemu yako ina `Soft Lock`, ukifika mwisho wa gari hilo motor zinakaza kama umefika ukutani. Isipokuwa nayo, usukani unaendelea kuzunguka lakini tairi zimeshafika mwisho, na inabidi ujue wewe mwenyewe usipitilize.

Uwiano wa mpangilio huu ndio wa kweli kuliko yote, na selotepu itakuthibitishia. Kwa malori na mabasi bado ni pungufu ya kitu halisi, maana usukani wa lori la kweli huzunguka mara nne au zaidi toka mwisho hadi mwisho, na 900 ni mara mbili na nusu tu. Mjomba aliligundua hilo mara moja alipokuwa anaingiza trela rivasi. Akasema kona ya Mnazi Mmoja ya kwenda Masasi ingemtaka mikono ipishane mara nyingi kuliko hapa. Lakini barabara ikinyooka basi lilitulia, na ndiko lori linakokaa muda mrefu.

Nguvu hapa inakuja polepole, kwa kuwa imetandazwa juu ya safari ndefu. Unaweza kuiacha juu kiasi bila usukani kutetemeka. Kwenye Assetto Corsa tulianza na kiwango cha nguvu, `Gain`, kwenye 100, tukafungua kidirisha cha pedali cha ndani ya gemu kinachoonyesha pia mstari wa nguvu. Kila kona ndefu mstari ulikuwa mwekundu, maana yake umegonga dari. Tukashuka tano tano. Kwenye 75 wekundu ulibaki kwa kupanda kingo za kona na kugonga ukuta tu, tukaishia hapo. Gari moja likizidi wenzake, huna haja ya kurudi kwenye menyu, `+` na `-` za upande wa namba kwenye kibodi zinabadilisha nguvu ya gari hilo peke yake.

Kuna jambo la usukani wa giya ambalo linahusu mipangilio yote mitatu, nalieleza hapa mara moja. Nguvu ndogo sana inaishia kwenye msuguano wa giya kabla haijafika mkononi. Matokeo yake katikati panakuwa pamelegea: gari linakwenda moja kwa moja na usukani kama haujaunganishwa na kitu. Dawa yake ni `Minimum Force`, inayoinua nguvu ndogo mpaka ivuke ule msuguano. Anza na sifuri, panda mbili mbili, kila mara ukiendesha barabara iliyonyooka. Ulegevu wa katikati utapungua hatua kwa hatua. Ukifika mahali ukiachia mikono usukani unaanza kucheza kushoto na kulia wenyewe, umepita, rudi hatua mbili. Wetu ulitulia kwenye 12. Kwa usukani wa mkanda au wa motor ya moja kwa moja acha sifuri au karibu na hapo, hauna msuguano wa namna hii.

Pedali za mpangilio huu zinataka dedizoni ndogo kabisa, kwa sababu anayechagua 900 kwa kawaida anataka kugusa breki polepole abiria wasianguke. Asilimia 2 au 3 mwanzoni inatosha kama mstari wa `joy.cpl` umetulia. Nitarudi kwenye usiotulia.

Unamfaa anayeendesha magari ya aina nyingi kwenye gemu zinazojua nyuzi za kila gari, na anayependa malori. Haumfai mwenye gemu isiyokata yenyewe. Huyo atajikuta anazungusha usukani mpaka viwiko vinagongana na gari halikati kona.

Mpangilio wa pili: 540 moja kwa moja

Binamu ndiye mwenye huu. Magari mengi ya GT3 yana kati ya nyuzi 480 na 800, kwa hiyo 540 iko karibu na mengi yake, na mikono haihami kwenye saa tisa na saa tatu isipokuwa kona za kubana sana. Watu wa rali na wa kuserereka kwa makusudi nao hupenda hapa, kwa kuwa kurudisha usukani upande wa pili kunachukua nusu sekunde badala ya sekunde nzima.

Lakini kuna mtego ambao ulitupotezea wiki. Kuweka 540 kwenye programu ya usukani ni kitu kimoja, na kuiambia gemu kwamba usukani ni wa 540 ni kitu kingine. Ukifanya vyote viwili kwenye gemu kama Assetto Corsa, uwiano unabaki wa moja kwa moja: robo mkononi ni robo kwenye skrini, ila gari lenye nyuzi 900 halitafika mwisho wa tairi zake. Ukiweka 540 kwenye programu huku gemu bado inaamini 900, kila kitu kinakuzwa kwa 900 gawanya kwa 540, yaani mara 1.67. Nyuzi 90 za mkono zinakuwa 150. Binamu alikuwa anaingia kona akiwa amekata sana, anarudisha, anakata tena, na kila mzunguko tairi za mbele zinachakaa bila faida. Selotepu ilituonyesha tatizo kwa dakika moja. Kwenye Euro Truck Simulator 2 huna pa kuiambia hivyo, inachukua mwisho hadi mwisho wa usukani wowote ule, hivyo 540 humo daima itakuza.

Nguvu ndipo mpangilio huu unapotofautiana hasa. Ukikuza uwiano, nguvu ileile ya tairi inafika ndani ya safari fupi, asilimia 60 ya ile ya mwanzo. Kwa kila nyuzi ya mkono, usukani unarudisha kwa ukali zaidi. Kiganja kinausikia kama usukani wenye wasiwasi: unakurupuka katikati na ukiuachia kwenye kasi unapiga kushoto na kulia. Wengi wakiona hivyo wanaongeza nguvu wakidhani umelegea. Fanya kinyume. Shusha `Gain` kumi, kisha `Minimum Force` mbili au nne. Binamu ametulia kwenye 65 na 8. Kama uwiano wako umebaki wa moja kwa moja, hutahitaji kushusha hivyo, acha namba za mpangilio wa kwanza.

Pedali za mbio zinahesabiwa upande wa mwisho kuliko wa mwanzo. Breki ya G29 ina mpira mgumu ndani unaojibana katika theluthi ya mwisho. Mtu wa uzito wa kawaida aliyekaa kwenye kiti cha plastiki anasukuma, kiti kinarudi nyuma, na mstari unaishia asilimia 85. Anaingia kona akidhani amekanyaga yote, gari halisimami. Kaa kama unavyokaa siku zote, kanyaga breki kwa nguvu unayoweza kuirudia mizunguko ishirini, soma mstari ulipofika, na weka mwisho wa pedali hapo kwenye gemu. Wa binamu uko 84. Kiti tulikifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, na hiyo peke yake iliongeza asilimia sita kabla ya kugusa namba yoyote. Kama gemu haina mstari wa mwisho wa pedali ila ina `Brake Gamma`, kumbuka hicho ni kitu tofauti: kinapinda mwendo wa katikati, hakisogezi mwisho.

Unamfaa anayeshindana kwa aina moja ya magari na hataki kufikiria tena. Kwa nyumba ya watu wengi ni msumbufu, maana namba mbili lazima zikubaliane kila mara.

Mpangilio wa tatu: 270

Huu ni wa gemu za mbio za mitaani, zilizotengenezwa kwanza kwa padi. Nyingi hazijui habari za nyuzi, zinataka kufika mwisho haraka, na kwa 900 mtoto wa miaka kumi hawezi kukata kona ya mraba hata akiwa mwepesi wa mikono kiasi gani. Kwa 270 mkono mmoja unafika. Usiutafutie uwiano wa kweli, haupo.

Nguvu iwe ya chini, nusu au pungufu. Gemu hizi mara nyingi hutuma nguvu ya kurudisha katikati tu, na kwa safari fupi hivi inavuta kidole cha mtoto. Kwetu ni 45, na `Minimum Force` sifuri. Gemu isiyotuma nguvu kabisa, washa `Centering Spring` ya programu ya usukani ili urudi katikati wenyewe, na uizime ukimaliza. Ikiachwa imewashwa inaweza kupigana na nguvu ya kweli kwenye gemu nyingine. Dedizoni ya pedali hapa inaweza kuwa kubwa, hata asilimia 8, kwa kuwa mguu wa mtoto unalala juu ya pedali na gemu inajali umekanyaga au hukukanyaga.

Pedali inayorukaruka

Hili linastahili nafasi yake kwa wanaokaa pwani. Pedali za aina hii hupima kwa kipande kidogo kinachosuguana ndani, na unyevu wa chumvi pamoja na vumbi vikiingia hapo, mstari hautulii. Kwenye `joy.cpl` yetu mafuta yalikuwa yanaruka mpaka asilimia 11 mguu ukiwa sakafuni. Kwenye gemu basi lilikuwa linasogea lenyewe kituoni.

Suluhisho la haraka ni dedizoni ya 12, na linafanya kazi, lakini unalipa. Sehemu ya kwanza ya pedali inakufa, na kuondoa basi taratibu kwenye mlima kunakuwa kwa kishindo. Tena, kinachoruka mwanzoni kinaruka na katikati, ambako dedizoni haifiki. Sisi tulichomoa umeme, tukafungua chini ya pedali kwa bisibisi, tukapuliza dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme kwenye kile kipande, tukakizungusha mkono mara nyingi, tukaacha kikauke usiku kucha. Asubuhi mruko ulikuwa asilimia 1, dedizoni ikarudi 3. Mruko ukibaki hata baada ya kusafisha, kipande kimeliwa na kinabadilishwa. Dedizoni iwe ya kusubiria spea tu.

Uchague upi

Ukiendesha malori na mabasi peke yake, chukua 900, `Gain` ya juu kadiri mkono unavyoridhika, dedizoni ndogo. Ukiendesha kila kitu lakini gemu zako zinajua nyuzi za magari, chukua 900 hiyohiyo na uiache gemu ikate. Ukishindana na GT3 tu, 540 ni ya starehe, mradi gemu nayo imeambiwa 540 au umekubali kukuza na kushusha nguvu. Ukiwa na watoto na gemu za padi, 270 ni halali yao. Itengenezee jina lake kwenye programu ili wasiguse yako.

Kama una muda wa kupanga kitu kimoja tu leo, anza na nyuzi. Nguvu na dedizoni zilizopangwa juu ya uwiano usio sahihi utazipanga tena.

Na kama unakaa ambako umeme hukatika katikati ya safari, ujue kwamba kompyuta mpakato itabaki imewaka wakati usukani umezima, kwa kuwa nguvu zake zinatoka kwenye adapta ya ukutani. Umeme ukirudi, usukani utajizungusha wenyewe mpaka mwisho wa kushoto na wa kulia ukitafuta katikati. Uachie kabisa, usiushike, la sivyo katikati itakaa pembeni na gari litavuta upande mmoja. Ukishatulia, kanyaga pedali zote tatu mpaka chini mara moja moja, ili zipime upya safari yake, kisha angalia `joy.cpl` kabla ya kuondoa basi.